Kutafuta kazi kwenye ukanda wa miwa wa Kenya: dhana potofu kuhusu orodha ya waajiri

Dhana: Subiri tangazo la kazi, ndipo uchague pa kuomba.

Ukweli: Tangazo likishatoka, wanaoomba ni wengi na siku ni chache. Tena viwanda binafsi mara nyingi humwita mtu waliyekwisha kumwona kazini, kama kibarua au mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, bila kutangaza lolote. Orodha ya waajiri wa kuwafikia hutungwa wakati hakuna nafasi hata moja.

Dhana: Sekta ya sukari ni viwanda vya sukari tu.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme dada mmoja wa Kisumu ana diploma ya kemia na anataka kazi ya maabara. Ataandika viwanda vya sukari vya Kibos, Chemelil na Muhoroni, aone amemaliza. Lakini fuata muwa hadi mwisho wake. Molasi inayobaki baada ya sukari hutengenezwa spiriti na hamira katika Agro-Chemical pale Muhoroni, na Spectre iliyoko Kisumu hutengeneza spiriti kutokana na molasi hiyo hiyo. Kote huko kunahitajika watu wa maabara. Pia kuna kituo cha utafiti wa miwa cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Kibos.

Kisha aulize nani anamiliki nini. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne kwa miaka 30. Chemelil ilikwenda kwa kampuni ya Kibos, na Muhoroni kwa kampuni ya West Valley. Kwa hiyo Kibos na Chemelil, ambazo kwake zilikuwa mistari miwili, sasa ziko chini ya mwajiri mmoja.

Dhana: Panga kwa ukubwa wa jina.

Ukweli: Jina halisagi miwa. Ampe kila mwajiri alama 1 hadi 3 kwa maswali matatu: Je, maabara yake inafanya vipimo ninavyovijua? Je, kuna mtu ndani ninayeweza kuzungumza naye? Je, miwa ikikosekana, kazi itaendelea?

Swali la tatu ndilo ningelipa uzito mara mbili. Julai 2025, usagaji ulisimamishwa kwa muda katika viwanda vya Magharibi kwa sababu miwa ilikuwa haijakomaa. Kiwanda kikisimama, vibarua ndio hutangulia kurudi nyumbani, na molasi nayo hupungua. Ndiyo maana orodha ya wasagaji na watumiaji wa molasi peke yao inaweza kuanguka yote kwa pamoja. Kituo cha utafiti hakitegemei tani za miwa zilizosagwa wiki hii, kwa hiyo hapo kinapata 3.

Dhana: Aliye juu kwa alama ndiye wa kuandikiwa kwanza.

Ukweli: Si lazima. Taasisi ya umma hujaza nafasi zake za kudumu kwa tangazo na usaili, kwa hiyo KALRO abaki akifuatilia matangazo yake. Barua na ziara za mapema azipeleke kwa mwajiri binafsi mwenye alama nyingi zaidi, kwa mkuu wa maabara mwenyewe, akiuliza ni vipimo gani hufanywa pale na lini kiwanda hufungwa kwa matengenezo. Majibu hayo yatabadilisha alama, naye aipange orodha upya.