Barua ya kuacha kazi yenye ombi la kuachiwa kifungu cha kutoshindana

Kazi yangu ni mikataba ya ajira, na kwa kuwa niko Arusha, mingi inayopita mezani kwangu ni ya kampuni za utalii. Siku hizi karibu kila mkataba wa mtu wa bukingi au mauzo una kifungu cha kutoshindana: ukiacha kazi, usifanye kazi kwa mshindani kwa muda fulani. Watu hukisaini bila kukisoma, kisha wanapopata kazi nyingine ndipo wanapokuja wakiuliza barua iandikweje.

Nichukue mfano wa dada mmoja, nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa ofisa bukingi wa kampuni ya safari za Serengeti na Ngorongoro hapa mjini. Amepata kazi Moshi, kwenye kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mkataba wake unadai notisi ya mwezi mmoja, na unamkataza kwa miezi 12 kufanya kazi na “kampuni yoyote ya utalii Tanzania”. Rasimu aliyoniletea ilianza hivi: “Naomba kujiuzulu endapo ofisi itaniondolea kifungu cha 14.”

Sentensi hiyo inaharibu barua nzima. Kujiuzulu ni taarifa, wala hakusubiri kukubaliwa. Ukiweka sharti, mwajiri anaweza kusema hakupokea notisi bali pendekezo, na siku zako hazijaanza kuhesabika. Unafika siku ya mwisho unaambiwa umetoroka kazi. Kwa hiyo tulitenganisha. Aya ya kwanza inajiuzulu, basi. Ombi linakuja baadaye, na jibu lake liwe ndiyo au hapana, notisi inaendelea kuhesabika.

Aya ya kwanza ikawa hivi: “Kwa barua hii ninatoa notisi ya mwezi mmoja ya kuacha kazi, kwa mujibu wa mkataba wangu. Notisi imetolewa leo, Jumatatu 2 Machi 2026, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Alhamisi 2 Aprili 2026. Ninaacha kwa sababu nimepata nafasi nyingine ya kazi.”

Tarehe zote mbili zina kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, kiwango cha chini ni siku 28. Mkataba unaweza kudai zaidi, mradi muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Wake unasema mwezi mmoja, kwa hiyo siku 28 zisingetosha. Angeondoka 30 Machi, angeacha pengo la siku tatu la kukatwa kwenye malipo yake. Sababu nayo ni mstari mmoja tu. Malalamiko dhidi ya meneja hayana nafasi hapo, maana barua hiyo itakaa kwenye faili lake miaka.

Alikuwa na likizo ambayo hajaichukua, akataka aimalizie ndani ya notisi ili awahi Moshi. Haiwezekani kwa njia hiyo: sheria hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizo, wala kwenda sambamba na likizo. Tuliandika tu kwamba anaomba siku hizo zilipwe kwenye malipo ya mwisho.

Makabidhiano ndiyo sehemu inayolainisha moyo wa mwajiri kabla hajafika kwenye ombi, ila lazima yaonekane. “Nitatoa ushirikiano wote” haimsaidii mtu anayejiuliza wageni wa Juni watapokelewa na nani. Tuliandika kwamba ifikapo 13 Machi atakabidhi orodha ya bukingi zote zilizo wazi, kila moja ikionyesha kambi ipi imethibitisha, amana ipi imelipwa, ipi bado, na vibali vipi vya hifadhi havijalipiwa. Wiki mbili zinazofuata atakaa na atakayempokea, wapitie faili moja moja. Siku ya mwisho atarudisha laptopu na laini ya ofisi. Hapo nilimuuliza kuhusu simu yake binafsi, na kweli, mawakala kadhaa wa nje walikuwa wanamwandikia WhatsApp kwa namba yake mwenyewe. Tukaongeza kwamba atawajulisha namba mpya ya ofisi mbele ya meneja, kisha atafuta mawasiliano hayo. Ukiwa unaomba uaminiwe, hilo lina uzito kuliko aya tatu za shukrani.

Sasa ombi lenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali, kwa kadiri yanavyomzuia. Ndiyo maana wengi huniambia, kwa nini niombe kitu ambacho ni batili? Kwa sababu mwajiri mpya hataki barua ya wakili mezani kwake wiki ya kwanza, na kwa sababu wajibu wa kutunza siri za kampuni ni jambo jingine kabisa, huo haufi pamoja na kifungu. Karatasi moja iliyosainiwa inamaliza mvutano ambao ungeweza kuchukua miezi. Lakini usifungue kwa kumtupia mwajiri sheria, maana atampelekea wakili wake badala ya kukujibu. Usiandike pia kwamba unakikubali kifungu. Tulitumia maneno haya:

“Bila kuathiri haki za upande wowote, ninaomba ofisi inithibitishie kwa maandishi kwamba haitatumia kifungu cha 14 dhidi yangu kuhusu ajira yangu mpya Moshi, ambako nitashughulikia bukingi za kupanda Mlima Kilimanjaro tu. Kwa upande wangu, nitaendelea kutunza siri za kampuni, na kwa miezi 6 tangu 2 Aprili 2026 sitawatafuta mawakala niliowahudumia hapa. Ninaomba jibu kabla ya 20 Machi 2026.”

Angalia alichotoa. Hofu ya mwajiri ni mawakala wale kuhamishwa na bei zake kujulikana, na hiyo ni hofu halali. Akihakikishiwa hilo, miezi 12 ya kumkataza utalii wote inabaki haina kazi. Nilipendekeza ataje kazi mpya kwa sababu ruhusa ya jumla huwa ngumu kupatikana, lakini alitaja baada ya kusaini mkataba wa Moshi, si kabla.

Barua ilikwenda kwa Mkurugenzi kupitia kwa meneja wake, na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Meneja alimwambia, “Usijali dada, nenda tu.” Maneno hayo hayatoshi, kwani mkataba wake unasema mabadiliko yote yawe ya maandishi na yasainiwe na Mkurugenzi. Kimya nacho si ruhusa. Tarehe 20 ilipopita bila jibu aliandika mistari miwili ya kukumbusha, na barua ya Mkurugenzi ikatoka wiki iliyofuata, ikikubali kwa masharti yale yale.

Siku ya mwisho alipewa fomu ya malipo ya mwisho: mshahara, likizo, na chini kabisa sentensi kwamba mfanyakazi “anathibitisha kuendelea kufungwa na masharti yote ya mkataba baada ya ajira”. Angesaini hivyo, angekuwa ameifunika barua ya Mkurugenzi kwa mkono wake. Aliongeza kwa kalamu “isipokuwa kama ilivyokubaliwa kwenye barua ya Mkurugenzi”, akaweka tarehe ya barua hiyo, mhasibu akasaini pembeni ya nyongeza, ndipo naye akasaini na kuchukua cheti chake cha utumishi.