Kwamba peke yake haitoshi

"Kugeuza usemi halisi kuwa wa taarifa, si unafuta tu alama za mtajo na kuweka 'kwamba'?"

Hapana. Dada alimwambia mama katika stesheni ya Kigoma: "Nitapanda treni hii kesho." Ukiandika "Dada alimwambia mama kwamba nitapanda treni hii kesho," msafiri sasa ni wewe mwandishi, na kesho inahesabiwa kuanzia leo. Sahihi ni: "Dada alimwambia mama kwamba angepanda treni hiyo siku iliyofuata." Ni- imekuwa a-, -ta- imekuwa -nge-, hii imekuwa hiyo. Wengi hurekebisha nafsi, wakaisahau "kesho".

Ila jambo la kudumu huachwa kama lilivyosemwa: "Alisema kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kirefu." Bado linacho.