Je, wajua kwa nini kuchezea picha ya gari lililogongwa ni ulaghai wa bima?

"Gari langu limegongwa kweli hapa Malindi, na bima nimelipa miaka bila kudai hata senti. Nikiongeza ufa kidogo kwenye picha, au nikifuta pale palipobonyea zamani, mbona niitwe tapeli?"

Kwa sababu picha unayotuma ni kauli yako. Anayeamua malipo yuko ofisini Mombasa au Nairobi na gari hajaliona. Ukimtumia picha umemwambia: hivi ndivyo gari lilivyo baada ya ajali. Ulaghai unakamilika yakikutana mambo matatu: kauli ni ya uongo, mwenye kuitoa anajua ni ya uongo, na ameitoa ili apate kitu ambacho ukweli usingempa. Kiasi cha pesa hakimo katika hayo matatu. Kama ajali ilitokea kweli, hilo nalo halibadilishi kitu, maana uongo wenyewe hauhusu kutokea kwa ajali. Unahusu ukubwa wake.

Tuchukue mfano wa kubuni, na bei zake ni za mfano pia. Mtu ana Probox ya kubebea samaki, amekata bima kamili, ile ya komprehensivu. Asubuhi moja anarudi nyuma karibu na soko, anagonga shina la mwarobaini. Bampa ya nyuma inapasuka. Fundi wa bodi anampigia hesabu: bampa na rangi, shilingi 32,000. Mkataba wake unasema kila ajali atabeba mwenyewe 15,000 za kwanza, kwa hiyo kampuni itamlipa 17,000. Hapo ndipo roho inapomuuma. Anafungua programu ya kuhariri picha kwenye simu, anachora ufa kwenye taa ya nyuma ya kushoto, kisha anakopi mkwaruzo wa bampa na kuubandika juu ya bodi, ubavuni. Dai linapanda hadi 58,000. Akilipwa, atapata 43,000.

Tofauti ni 26,000, na pesa hizo hazina ajali iliyozizaa. Anaweza kusema ni haki yake kwa sababu amelipa miaka mingi. Lakini ada ya mwaka jana ilinunua kinga ya mwaka jana. Kama gari lingeungua Desemba iliyopita, kampuni ingelilipa lote, ukitoa zile 15,000 zake, hata kama alikuwa amelipa ada ya mwaka mmoja tu. Hatari hiyo kampuni iliibeba mwaka mzima, na mwaka umekwisha. Hakuna akiba iliyobaki kule ikimsubiri. Kwa wenye takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, jambo ni wazi zaidi: michango inaingia katika mfuko wa washiriki, kampuni inausimamia tu, na ziada ikipatikana inaweza kurudishwa kwa washiriki wenyewe. Zile 26,000 zingetoka kwa watu waliochangia pamoja naye.

Kuongeza watu wengi huona kuna kasoro. Kufuta ndiko wanakokuchukulia poa, nami naona ndiko kunakohitaji kuelezwa zaidi. Mtu husema: mimi sijadai kitu cha ziada, nimesafisha picha tu.

Angalia inavyotokea. Unapokata bima, wakala anakuomba picha za gari pande zote nne, na pengine za dashibodi na namba ya chasisi. Mlango wa kulia ulibonyea mwaka juzi. Unapitisha kidole kwenye simu, pale palipobonyea panalainika, picha inakwenda. Kuanzia saa hiyo kumbukumbu ya kampuni inasema mlango ule ulikuwa mzima. Miezi sita baadaye ukigongwa kweli ubavu huohuo, asesa, yule mkaguzi anayeipimia kampuni hasara, akifungua faili ataona mlango mzima kabla na mlango mbovu baada, na kampuni italipa ubovu wa mwaka juzi kana kwamba ni wa jana. Uongo ulitengenezwa mapema na ukakaa ukingoja ajali. Na hata usipodai kamwe, bado umeificha kampuni jambo ambalo lingeifanya iandike kwenye mkataba kwamba mlango ule haumo, au iombe urekebishwe kwanza. Mkataba wa bima unadai uaminifu wa juu kabisa tangu mwanzo, kwa sababu anayelijua gari ni mwenye gari peke yake.

Kufuta kwa pili huja baada ya ajali. Mtu anaondoa kutu na puti ya zamani iliyochungulia palipopasuka, ili cha kale na kipya vionekane kimoja. Au anafuta tairi lililoisha meno, kwa kuwa mkataba unataka gari liwe katika hali ya kufaa barabarani. Hapo hajaongeza hata mkwaruzo mmoja. Ameondoa ushahidi ambao ungepunguza malipo au kuyazuia, na pesa atakazopata ni matunda ya kile kilichofichwa.

Sasa, mbona hugundulika? Mara nyingi si kompyuta inayofichua. Ni gari lenyewe, siku asesa anapofika gereji. Kwetu pwani upepo wa bahari una chumvi, na chuma kilichochunwa rangi hakikai siku nyingi bila kushika kutu. Chuma kilichochubuka jana hung'aa. Ukikuta kutu imeshaingia chini ya rangi na vumbi jekundu limeganda ndani ya mkwaruzo, hiyo si ajali ya juzi, hata picha ikisema nini. Asesa hubeba futi. Alama ya shina kwenye bampa ya Probox yetu iko, tuseme, sentimita 45 kutoka ardhini. Mkwaruzo wa ubavuni katika picha uko karibu na 80, na gari lilirudi nyuma moja kwa moja. Shina lile lile limefikaje kule? Halafu taa: anaigusa, na ni nzima.

Mwenye gari akiona hivyo huenda akaivunja taa kweli kabla asesa hajafika. Lakini taa iliyovunjika kwa kugonga mti huacha vipande vya plastiki nyekundu pale chini ya mti, na ufa wa taa aliyoivunja mwenyewe haulingani na ule aliouchora. Sasa picha na taa vinapingana, na kila kimoja ni ushahidi dhidi ya kingine.

Picha nayo ina yake ya kusema. Mkwaruzo uliokopiwa hufanana na wa kwanza mpaka nukta ya mwisho, na mgongano wa kweli haurudii alama namna hiyo. Bodi ya gari inang'aa na kuakisi ukuta au mnazi ulio karibu. Palipobonyea kweli pana kiakisi kilichopinda. Ukipachora tu, mstari wa ukuta unapita hapo umenyooka. Ukipafuta, rangi inakuwa laini lakini mara nyingi kiakisi hukatika au huvurugika. Tena ndani ya faili halisi simu huandika taarifa zake: `DateTimeOriginal` ni saa picha ilipopigwa, `ModifyDate` ni saa ilipobadilishwa, na `Software` huweza kutaja programu iliyoigusa.

Lakini taarifa hizo zina mipaka, na mtu asihukumiwe kwa hizo peke yake. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza karibu zote, na saa ya simu yaweza kuwa imekosewa. Ndiyo maana asesa makini huomba faili la asili kutoka kwenye simu, kisha hulilinganisha na gari, mahali pa ajali na abstrakti ya polisi.

Kisheria, Kenya haisubiri pesa zitoke ndipo kuwe na kosa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupata mali kwa udanganyifu, na kifungo chake hufika miaka 3. Kujaribu bila kufaulu nako ni kosa, na adhabu yake hufika nusu ya hiyo. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao ni kali zaidi. Kifungu chake cha 25 kinamgusa anayebadilisha au kufuta data ili ichukuliwe kuwa halisi katika jambo la kisheria, na akifanya hivyo kwa kutaka faida isiyo haki, faini yaweza kufika shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Ona kwamba kifungu kinataja kubadilisha na kufuta pamoja. Mamlaka ya Kudhibiti Bima nayo ina kitengo cha uchunguzi wa ulaghai wa bima, ambacho hufanya kazi na maafisa wa polisi.

Upande wa mkataba ndio unaowauma wengi kwanza. Mikataba mingi ya bima ina kipengele kisemacho dai likiwa na ulaghai kwa namna yoyote, haki zote za dai hilo zinapotea. Kwa hiyo mwenye Probox aliyekuwa na 17,000 zake halali anaweza kukosa hata hizo. Kuna kesi mashuhuri ya Uingereza iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2016, kuhusu meli ya mizigo ambayo maji yaliingia chumba cha injini. Wenye meli walidanganya kidogo walipoeleza mambo yalivyokuwa, lakini hasara ilikuwa ya kweli na uongo ule haukubadilisha haki yao ya kulipwa hata kidogo. Mahakama ikasema wasinyimwe. Hata hivyo haikuwafungulia mlango wanaoongeza hasara: dai lililotiwa chumvi bado hupotea lote. Na ufa wa kuchora uko upande huo, kwa kuwa umebadilisha hesabu.

Si kila kuigusa picha ni kosa. Ukiongeza mwanga kwa kuwa ulipiga usiku, au ukikata ukingo ili bampa ionekane vizuri, hujasema uongo, mradi usikate kitu kinachohusika na usiitupe picha ya asili. Ukitaka kuonyesha mahali penye ufa mdogo, chora duara kwenye nakala, andika kwamba ni nakala, na utume zote mbili. Mbonyeo wa zamani upige picha ulivyo, uandike "huu ni wa kabla ya ajali", na uuache nje ya hesabu ya fundi.

Na kama picha iliyochezewa imekwisha kwenda na malipo bado, iandikie kampuni leo kwamba unaiondoa, taja kilichobadilishwa, na uambatanishe ya asili. Barua hiyo haifuti kilichokwisha kutendeka, na kampuni bado yaweza kulikataa dai. Lakini inazuia pesa zisitoke kwa kauli ya uongo, na tarehe yake itaonyesha kwamba uliisema mwenyewe kabla asesa hajafika na futi yake.