Jina la kanga lililokwenda kusomeka chini ya fremu

Dada mmoja aliniagiza picha ya kuchora ya mama yake, zawadi ya kutimiza miaka 70. Alitaka kanvasi ya sentimita 40 kwa 60, mama kavaa kanga, na jina la kanga lionekane vizuri pale chini: Wema hauozi. Nilichora kwenye tableti wiki nzima, nikampa fundi faili alichape. Nilipokwenda kuichukua, mama alikuwepo, kanga ilikuwepo, jina halikuwepo. Nikaiinua fremu, nikalikuta kwenye ubavu wa chini, limeelekea sakafuni.

Fundi alichapa nilichompa. Kosa lilikuwa langu: nilipima uso wa picha, nikasahau kitambaa.

Kanvasi hukunjwa kwenye fremu ya mbao, ikapita ubavuni, kisha ikapigwa pini kwa nyuma. Fremu ile ilikuwa na ubavu wa sentimita 4, na fundi alihitaji sentimita 1 nyingine ya kukunjia nyuma. Kwa hiyo kila upande unadai sentimita 5 za ziada, na picha ya 40 kwa 60 inachapwa 50 kwa 70. Sasa tazama uwiano wa pande. 40 kwa 60 ni 2 kwa 3, lakini 50 kwa 70 ni 5 kwa 7. Umbo limebadilika, limekuwa pana kidogo. Faili langu la 2 kwa 3 lisingeweza kulijaza bila kukatwa.

Ili upana utimie 50, picha ilibidi ikuzwe mara 1.25, na urefu ukawa 75. Zile 5 zilizozidi zikakatwa, 2.5 juu na 2.5 chini. Halafu sentimita 5 za kila upande zikakunjwa. Ukirudisha hesabu kwenye mchoro wangu wa awali, sentimita 6 za chini zote hazikufika usoni. Jina la kanga nililiweka sentimita 4 kutoka ukingoni. Lingefikaje mbele?

Tangu siku hiyo siufungui ukurasa mpya kabla ya kumuuliza fundi maswali mawili: ubavu wa fremu ni sentimita ngapi, na unakunja ngapi nyuma? Nikishapata majibu, naufungua kwa ukubwa kamili wa kitambaa, naweka mistari ya mwongozo kuonyesha uso unaanzia wapi, kisha uso, mikono na maandishi vyote navibakiza sentimita 3 ndani ya mistari hiyo. Kitambaa kinapovutwa huweza kuhama milimita kadhaa, na maandishi yaliyobanana na ukingo huonyesha mara moja kwamba picha imekaa upande.

Wapo mafundi watakaokwambia wataakisi kingo, yaani ukanda wa pembeni unageuzwa kama kwenye kioo ili ujaze ubavu. Kwa mandhari ya rangi tupu, sawa. Kwa pindo la kanga, maua yanajirudia kinyumenyume, na kama kuna herufi karibu utazisoma kutoka kulia. Mimi huona afadhali ubavu wa rangi moja.

Tuje kwenye pikseli. Picha ya mama ilinifikia kwa WhatsApp, imeshabanwa hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. Kama ningeipitisha kwenye kichujio cha kuigeuza katuni na kuichapa, ingekuwa na pikseli 58 tu kwa kila inchi kwenye urefu wa sentimita 70. Hizo hazitoshi, kingo za macho na midomo zingetoka na ngazi ngazi. Lakini mimi huchora upya juu ya picha, na hapo cha maana ni ukubwa wa ukurasa wangu. Picha ya mteja inanionyesha sura tu. Hata hivyo naomba itumwe kama Document, maana mikunjo ya karibu na macho ndiyo inayomfanya mama awe yule mama, na ndiyo ya kwanza kupotea faili likibanwa.

Kwa kanvasi inayotazamwa kutoka hatua moja au mbili, pikseli 150 kwa inchi zinatosha, kwa sababu nyuzi za kitambaa zenyewe zinameza vitu vidogo. Hesabu yake ni hii:

```
50 / 2.54 x 150 = 2953
70 / 2.54 x 150 = 4134
```

Ukurasa wa pikseli 2953 kwa 4134, basi. Usidanganyike na kisanduku cha Resolution kwenye Image Size ya Photoshop. Ukiandika 300 huku Resample imezimwa, pikseli ni zilezile, kilichopungua ni sentimita. Ukiiwasha, programu inabuni pikseli za katikati, na mstari mkali unalainika. Na kwa michoro ya mistari kuna jambo ambalo namba hizi hazilisemi: mstari wa pikseli moja hapa ni milimita 0.17, unapotelea kwenye nyuzi. Kope na mikunjo ya shingo sizichori chini ya pikseli 3, sawa na nusu milimita.

Rangi ndiyo ilinichelewesha kuliko vyote. Kanga niliipaka bluu ya kuwaka, kwenye tableti, katika Display P3, profaili yenye rangi kali kuliko sRGB ya kawaida. Kioo kinatoa mwanga. Kanvasi isiyong'aa inaurudisha tu ule wa chumbani, na weusi wake si mzito kama wa karatasi ya kung'aa. Bluu ilitoka imefifia. Kilichoniuma zaidi ni ngozi: mama ni mweusi tii, na kivuli cha shavu kilishikana na kivuli cha ushungi, nusu ya uso ikawa doa moja.

Kwa toleo la pili nilibadilisha faili kuwa sRGB na kuhakikisha profaili imeambatishwa ndani yake. Faili la P3 lisilo na profaili mashine hulisoma kama sRGB, na rangi zote hupauka. CMYK, mfumo wa wino nne, sikuigusa. Profaili za CMYK zinazokuja na programu nyingi zimeundwa kwa mashine za ofseti za karatasi, wakati printa za kanvasi mara nyingi zina wino zaidi ya nne. Ukibadilisha mapema unatupa rangi ambazo printa ingeziweza. Ibadilishe tu kama fundi ameomba mwenyewe.

Kisha nikamwomba profaili ya printa yake kwa kanvasi ileile, nikaiweka kwenye Proof Setup, inayoonyesha kwenye kioo rangi zitakavyotoka zikichapwa. Bluu ikazimika palepale mbele yangu, kwa hiyo nikachagua bluu nyingine iliyo karibu na ambayo printa inaiweza, badala ya kuachia mashine inichagulie. Ngozi niliipandisha kwenye vivuli peke yake. Ukipandisha picha nzima, mama anakuwa mweupe, na hiyo si sura yake. Ushungi niliusogeza kwenye kahawia ili shavu lipate mpaka.

Kabla ya kuchapa yote nililipia kipande cha sentimita 20 kwa 20: nusu ya uso na kipande cha kanga. Nilikitazama dirishani mchana, maana chini ya taa ya njano ya dukani bluu yoyote inaonekana imechoka. Shavu lilijitenga na ushungi. Ndipo nikatuma TIFF kwa flashi, na ujumbe huu: “Kaka, kitambaa 50 kwa 70, uso 40 kwa 60, ubavu 4. Faili lina ukubwa kamili, usilikuze wala usilikate. Jina la kanga likae mbele.”