Si kila kilichotobolewa pembeni ni spairo

Wateja wa steshenari siku hizi hawaji na maelezo, wanatuma picha. Mtu anapiga picha meza ya ofisini kwao na vyote vilivyo juu yake, anaituma WhatsApp na kuandika: "Nifanyie spairo kama hiyo." Ukiikuza unaona ripoti iliyobanwa kwa kitana cha plastiki. Ukimweleza kwamba hiyo siyo spairo, anakujibu, "Si yote ni bainding tu?" Yote ni bainding, kweli. Spairo ni moja kati yake.

Spairo ni uzi mmoja, wa plastiki au wa chuma, unaozunguka kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho bila kukatika, na ncha zake mbili hukunjwa ili usijifungue. Maana yake inaishia hapo.

Kitana ni kitu kingine. Kina uti mpana wa plastiki unaofunika mgongo wote wa ripoti, na kutoka kwenye uti huo yanatokeza meno bapa yanayojikunja kuingia kwenye matundu ya mstatili. Kwenye A4 meno hayo ni 21. Ukiona katika picha mgongo umefunikwa kabisa, hata ungeweza kubandika lebo juu yake, hicho ni kitana. Spairo haina mgongo wa kubandikia chochote, ina mizunguko mitupu yenye nafasi katikati, na mizunguko yenyewe imelala upande kidogo kwa sababu uzi unasogea mbele kila unapozunguka.

Ya tatu ni waya pacha, ile inayopatikana kwenye kalenda za ukutani na madaftari ya bei. Ni ya chuma, na katika kila tundu hupita nyaya mbili zilizokaa sambamba. Watu huiita spairo kwa kuwa ni ya chuma na ina mizunguko. Lakini hakuna uzi unaozunguka pale. Kila pete imesimama peke yake, imenyooka, imefungwa kwa kubanwa na mashine, na mahali ilipofungiwa hufichwa kati ya karatasi ya mwisho na jalada la nyuma.

Kama daftari kwenye picha limefunuliwa, tazama kurasa mbili zinazotazamana. Katika spairo ukurasa mmoja hukaa juu kidogo kuliko mwenzake, kwa sababu uzi umepanda nusu hatua kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jedwali lililochorwa kuvuka kurasa zote mbili litaonekana limekatika. Katika waya pacha kurasa hukaa sawasawa. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mchoraji wa ramani za majengo ataiona kabla hujamwonyesha.

Sasa tuichukue picha moja ya kawaida. Kuna stepla nyeusi, panchi, klipu zilizotawanyika, karatasi chache zilizotobolewa matundu mawili, na kando yake ripoti tatu zilizofanyiwa bainding, zote zimekatwa na ukingo wa picha hivyo huwezi kuhesabu meno hadi mwisho. Hapo ndipo panchi inapokusaidia. Panchi ya ofisi zetu hutoboa matundu mawili ambayo vitovu vyake vimeachana milimita 80, kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 838. Kwa hiyo karatasi ile iliyotobolewa ni rula iliyoachwa mezani. Chukua umbali wa kati ya matundu yake, uhamishie kwenye mgongo wa ripoti iliyo jirani nayo (isiwe ile iliyo mbali na kamera, maana itaonekana ndogo), kisha hesabu. Kitana kitakupa meno matano hadi sita. Waya pacha wa ripoti nyembamba utakupa pete tisa au kumi. Spairo ya kawaida itakupa mizunguko kumi na miwili au kumi na mitatu. Tahadhari ni moja tu: waya pacha wa ripoti nene huwa na pete zilizoachana zaidi, kama sita hivi, na hapo hesabu inafanana na ya kitana. Rudi kuangalia mgongo, plastiki iliyoziba au nyaya mbilimbili.

Karatasi ikiwa na matundu matatu, imetobolewa kwa panchi ya Kimarekani, na rula yako ya milimita 80 haifai.

Panchi yenyewe usiichanganye na stepla, ingawa zikipigwa picha kutoka juu zote ni vyuma vyeusi vyenye mkono wa kukandamiza. Stepla ni ndefu na nyembamba. Panchi lazima iwe pana kuliko sentimita nane, kwa sababu ya hayo matundu, na chini yake ina kisahani cha kukusanyia vipande. Kuhusu stepla, kinachofaa kutafuta mezani ni boksi la pini. Likisomeka 24/6 au 26/6, namba ya kwanza ni unene wa waya, na hapa namba kubwa ni waya mwembamba. Ya pili ni urefu wa miguu kwa milimita. Stepla ndogo za mkononi hutumia namba 10, ambazo ni fupi na hazikai kwenye stepla kubwa.

Klipu nazo zina kisa chake. Ile ya kawaida, waya uliokunjwa mara tatu ukatoa mviringo ndani ya mviringo, inaitwa Gem, na ilikuwa ikiuzwa Uingereza kabla ya Mnorwe Johan Vaaler kuomba hataza ya klipu yake Ujerumani mwaka 1899. Klipu ya Vaaler haina mkunjo ule wa mwisho wa ndani, kwa hiyo haibani karatasi vizuri. Lakini mwaka 1989 pale Sandvika, karibu na Oslo, ilisimamishwa sanamu kubwa ya kumuenzi Vaaler, na sanamu hiyo ina umbo la Gem. Kwa hiyo mteja wangu hayuko peke yake. Klipu nyeusi yenye umbo la pembetatu na masikio mawili ya waya ni jamii nyingine, na uzuri wake ni kwamba masikio hayo yanalala au yanachomoka kabisa.

Turudi kwenye spairo, kwa sababu kukosea jina kuna gharama. Matundu ya kitana ni ya mstatili na yameachana sana. Ya spairo ni madogo na yako karibukaribu. Ripoti iliyokwisha kutobolewa kwa kitana haigeuzwi spairo bila kutoboa upya juu ya matundu ya zamani, na ukingo huchanika. Dawa ni kuchapisha tena. Vilevile kitana kikirudishwa kwenye mashine hufunguka, ukaongeza ukurasa uliosahaulika, kikafungwa tena. Spairo unakata ncha na kuuzungusha uzi hadi utoke. Waya pacha ukishafunguliwa haurudi vizuri, unawekewa mpya. Lakini anayetaka ripoti inayokunjika kabisa hadi jalada likutane na jalada, kitana hakimfai, kwa sababu ule uti unazuia.

Kwa hiyo ndugu mteja, ukituma picha, igeuze ripoti utuonyeshe mgongo wake, na useme kama kurasa zitaongezwa baadaye. Ukiendelea kuiita spairo tutakuelewa, ila tutakuuliza kwanza kabla ya kutoboa.