Rafiki wa zamani akikuandikia “Umepotea!”, usianze kushika mfuko

Watu huniletea ujumbe wakiwa wameshautolea hukumu. “Mtu hawezi kunyamaza miaka yote hiyo, halafu leo akakukumbuka bure. Ana shida huyu.” Simu naonyeshwa, ujumbe wenyewe ni mstari mmoja, na kesi imekwisha kabla sijavaa miwani. Mimi ni mshauri nasaha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni urafiki uliovunjika au uliofifia. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo leo nitaijibu kwa urefu: kuwa na shida na kukukumbuka kwa dhati si mambo yanayopingana. Wengi wanaoandika baada ya kimya kirefu wana yote mawili kwa wakati mmoja. Ukilazimisha liwe moja tu, utausoma ujumbe vibaya kila mara.

Mfikirie kwanza yule aliyeandika. Mwaka 2024 Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha utafiti kuhusu marafiki waliopotezana. Washiriki waliombwa wamfikirie rafiki wa zamani ambaye wangependa kuzungumza naye tena, wanayeamini atafurahi kusikia kutoka kwao, na ambaye njia ya kumpata wanayo. Wakapewa muda wa kuandika ujumbe, kisha wakahimizwa kuutuma. Waliotuma hawakufika hata theluthi moja. Hamu walikuwa nayo, namba walikuwa nayo, ujumbe ulikuwa umeshaandikwa, na bado mkono ukasita. Miaka miwili kabla yake, Peggy Liu na wenzake walikuwa wameonyesha sehemu ya sababu: anayefikiria kumtafuta mtu hukadiria chini kiasi ambacho mwenzake atafurahia kutafutwa. Anajiona anasumbua.

Kwa hiyo kimya cha miaka sita hakithibitishi kwamba mtu hakukujali miaka sita. Mara nyingi kinathibitisha aibu tu, na aibu hiyo hukua kadiri siku zinavyopita, kwa sababu kila mwezi unaoongezeka unahitaji maelezo zaidi.

Sasa, kitu gani huivunja aibu hiyo? Kwa ninayoyaona kazini, hamu peke yake huivunja kwa nadra. Huivunja tukio: msiba, talaka, kuhama, mtoto kuzaliwa, kazi kuisha, picha ya zamani kuibuka kwenye simu. Tukio humpa mtu uso wa kuandika. Hapa ndipo wateja wangu wanaponikasirisha, na nasema hivi kwa upendo. Wakigundua kwamba kulikuwa na tukio, wanahitimisha kwamba urafiki ulikuwa kisingizio na shida ndiyo iliyokuwa nia. Katika kesi nyingi nilizozifuatilia hadi mwisho mambo yalikuwa kinyume chake: hamu ilikuwepo muda mrefu, na shida ndiyo ikawa kisingizio cha kuitoa nje.

Salamu yenyewe ndiyo huchochea kutoaminiana. “Mgeni wewe!” “Umepotea sana!” Mpokeaji anajiuliza, aliyepotea ni mimi au ni yeye? Anaona lawama, au anaona utani wa mtu anayejipendekeza. Namwomba asitegemee sauti anayoisikia kichwani, kwa sababu sauti hiyo ni yake mwenyewe. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilijaribu jambo hili kwa barua pepe mwaka 2005: watu waliandika sentensi za kweli na za kejeli, wengine wakasoma na kukisia ipi ni ipi. Wasomaji walipatia kidogo tu zaidi ya mtu anayerusha sarafu, huku wakiwa na uhakika mkubwa kwamba wamepatia. Ukisoma “umepotea” ukiwa umechoka na una madeni, utasikia mdai. Ukiisoma siku uliyoamka vizuri, utamsikia rafiki. Herufi hazijabadilika. Ninavyoelewa mimi, utani huo mara nyingi ni njia ya kukwepa kuomba radhi: mwandishi anajua naye alinyamaza, hana pa kuanzia, basi anaurusha mpira upande wako akitumaini utacheka.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo halina mjadala. Ujumbe ukifuatiwa haraka na ombi la kumtumia namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, au la pesa ya dharura huku mwenzako akikataa kupokea simu, usichambue nia ya rafiki. Huenda si yeye; akaunti yake imetekwa. Mpigie kwa njia nyingine, usikie sauti yake. Vilevile ukiona salamu isiyo na jina lako wala kumbukumbu yoyote, inayorukia kuuliza kipato chako na kama una muda wa kusikiliza “fursa”, huenda huo umetumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Hiyo inatambulika kirahisi, haihitaji mshauri.

Kinachohitaji mshauri ni kama kilichomtokea mama mmoja ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Aliandikiwa usiku na rafiki waliyeimba naye kwaya ujanani, baada ya kimya cha miaka mingi: “We mgeni! Umetupa jongoo na mti wake. Bado unaimba?” Aliuacha ujumbe siku kadhaa, akaja kwangu na jibu tayari: “Salama. Nikusaidie nini?”

Nilimzuia kulituma. Jibu la namna hiyo linaonekana la kiungwana, lakini linaharibu ushahidi. Linamvika mwenzako joho la mwombaji kabla hajaomba. Kama ana shida, ataitaja papo hapo kwa sababu umemfungulia mlango huo tu, nawe utasema “nilijua”. Kama hana, atajikunyata na kujibu “hapana, nilikuwa nasalimia”, kisha mtanyamaziana miaka mingine. Kwa vyovyote vile hujajifunza chochote kuhusu alichokuja nacho. Umejifunza tu jinsi watu wanavyojibu mlango uliofunguliwa nusu.

Pia alikuwa amelipita neno moja muhimu kuliko yote: “unaimba”. Salamu ya mstari mmoja ina nafasi ndogo, na rafiki huyo aliitumia nafasi hiyo kwa kitu kisichoweza kutumwa kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kwanza katika ujumbe wa namna hii. Haikuambii kwamba hana ombi. Inakuambia kwamba alipoandika, aliyekuwa mbele ya macho yake ni wewe.

Tuliandika jibu lenye vitu viwili: jambo moja la kweli kuhusu maisha yake, na swali moja ambalo ni wao wawili tu wangelielewa. “Niliacha kuimba nilipojifungua, koo limeota kutu. Nimefurahi kukuona. Ule mguu ulipona?” Sababu ya muundo huo ni hii: jambo lako la kweli ni kama ndoano isiyo na chambo cha pesa. Mwenye kukujali ataligusa. Mwenye haraka ataliruka.

Rafiki aliligusa. Aliuliza jina la mtoto, akasimulia habari za mguu, kisha akaandika, “Nisikufiche, kuna jambo nataka kukuuliza, lakini si leo. Kwanza nipe habari zako.” Kesho yake akalitaja: ofisi ya mteja wangu ilikuwa imetangaza nafasi ya kazi, je, angeweza kulifikisha jina lake kwa mkuu wake?

Mteja wangu alinitazama kwa ushindi. “Si nilikwambia?”

Alichonambia ni kwamba kulikuwa na shida, na hilo sikuwahi kulipinga. Nilimwomba aangalie namna ombi lilivyokuja. Lilitangazwa mapema, halikunyatia. Lilitajwa kwa jina lake, si “nina jambo dogo” linalokua kila unapokubali. Na lilikuwa rahisi kulikataa. Mtu anayekutumia tu huwa anafanya kinyume: ombi linachelewa hadi umeshajiona una deni la fadhila, halijulikani mwisho wake, na kulikataa kunakufanya uonekane huna utu.

Kisha tukafika kwenye kipimo ninachokiamini zaidi, nacho si ujumbe wa kwanza wala ombi. Ni kinachotokea baada ya “hapana”. Mteja wangu hakutaka kumdhamini mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi, na alikuwa na haki hiyo. Aliandika wazi: siwezi kulipeleka jina lako, ila nitakueleza maombi yanapitia wapi na mwisho ni lini. Hakuongeza uongo wa kujikinga, wala hakumwachia matumaini ya bandia. Nilimsisitiza hivyo kwa sababu “hapana” yenye ukungu haipimi kitu. Mwenzako ataendelea kuwepo akisubiri ukungu utoke.

Jibu lilikuja jioni. “Nimekuelewa, nitaomba kama wengine. Na huyo mtoto, ana sauti?” Kazi hakuipata. Mawasiliano yaliendelea, na mara ya mwisho niliposikia walikuwa wanatumiana sauti za nyimbo zao za zamani.

Sitaki mtu achukue kipimo hiki kama mizani ya duka la dawa. Kinakosea pande zote mbili. Wapo waaminifu wanaotoweka baada ya kukataliwa, kwa sababu aibu ile ya mwanzo imerudi mara mbili. Wamejitoa, wameomba, wamenyimwa, na sasa hawana tena uso wa kusalimia. Kwa hao nashauri ujumbe mmoja wa kuwafuata baada ya wiki chache, usiogusa ombi kabisa. Wapo pia wenye hila wanaoijua subira. Hupokea “hapana” kwa tabasamu na kurudi baadaye na ombi kubwa zaidi, wakikukumbusha jinsi walivyokuelewa mara ya kwanza. Hao sijui namna ya kuwatambua mapema.

Na kuna shaka nyingine ninayotembea nayo. Wanaokuja kwangu ni wale ambao ujumbe umewatia wasiwasi. Aliyeandikiwa “umepotea” akapiga simu wakacheka hadi usiku hana sababu ya kunitafuta, wala yule aliyeufuta bila kuufungua. Kwa hiyo nikisema “wengi wana yote mawili”, ninasema kuhusu wengi waliopita ofisini kwangu.

Kesi moja iko nje ya haya yote: rafiki aliyekuumiza, akanyamaza, kisha akarudi na utani kana kwamba mliachana jana kituoni. Huyo hudaiwi jibu, na kutojibu si ukatili. Lakini ukiamua kujibu, usicheze mchezo wa mguu na mtoto. Andika: “Nimeona ujumbe wako. Kabla ya mengine, naomba tuzungumze kuhusu yale yaliyotokea.” Aliyerudi kutengeneza atasumbuka, pengine atachelewa, lakini atajibu hilo. Aliyerudi kwa jingine ataandika tena jinsi ulivyopotea.