Ukitoa simu, utapata watu wanaotaka simu

Wiki hii muoka keki wa Kongowea, Mombasa, ameniletea wazo lilelile la shindano la mtandaoni: atoe simu iwe zawadi, watu wafolo, washee, watagi marafiki watano. Wengi wanaamini zawadi ikiwa kubwa, wafuasi watajaa na mauzo yatafuata. Wafuasi watajaa kweli, lakini watakuwa wa Kisumu, Kampala na Dar, na keki yako haifiki huko. Simu inatakiwa na kila mtu, kwa hiyo haichagui mtu. Fungua kurasa za wanaokimbilia mashindano haya uone: picha zao wenyewe hawana, ni mashindano ya zawadi za watu juu mpaka chini. Mshindi akitangazwa wanaondoka, na wanaobaki hawazigusi posti zako za keki.

Halafu kuna kanuni. Facebook hairuhusu kushea kwenye ukurasa binafsi wala kutagi marafiki kuwe sharti la kushiriki. Instagram nayo inakataza kuwahimiza watu wajitagi kwenye picha wasiyokuwemo, na inataka uandike wazi kwamba shindano si lake wala hailidhamini. Kuna wanaoniambia kumtaja rafiki kwenye komenti za Instagram hakujakatazwa. Hata kama ni hivyo, mimi sikubali, kwa sababu mwindaji wa zawadi humtaja ndugu yake na akaunti zake mwenyewe za pili, na wewe unahesabu watu ambao hawapo.

Huyu wa Kongowea nilimpangia hivi. Zawadi ni keki ya kilo 2 ya sherehe, inachukuliwa dukani kwake, na washiriki wawe wakazi wa Mombasa. Kushiriki ni kujibu kwenye komenti: "Nani kwenu ana sherehe ndani ya miezi miwili ijayo, na anapenda ladha gani?" Muda ni siku 5, na saa ya kufunga imeandikwa. Mshindi anapatikana kwa kura ya bahati miongoni mwa waliojibu swali, mbele ya kamera. Kwenye masharti aandike pia kwamba hatamwomba mshindi hata shilingi, maana matapeli hufungua ukurasa unaofanana na wako, wakawaandikia washiriki watume pesa kwa M-Pesa ili wapate zawadi.

Kufolo kuwe sharti au la? Hapo bado nasita. Ukiliweka unapata namba haraka, usipoliweka anayekufolo amependa mwenyewe. Kwa duka dogo naelekea kutoliweka.

Komenti zitakuwa chache, na hapo ndipo wateja wangu huvunjika moyo. Lakini kila aliyejibu amekwambia sherehe ni ya nani na keki ya ladha gani. Mjibu kila mmoja kwa jina, umpe bei ya keki aliyoitaja. Mwezi mmoja baadaye fungua takwimu za ukurasa, sehemu ya miji. Asilimia ya wafuasi wa Mombasa ikiwa imepanda, shindano limefanya kazi. Ikiwa imeshuka huku wafuasi wameongezeka, zawadi yako iliita watu wasiokuhusu.